Faida ya Mwaka Mmoja Isikupangie Bei

Ndugu zangu wa Zagayu na Bariadi, pamba ikifanya vizuri huenda mtu akakuletea hisa za kiwanda cha kuchambua pamba, akisema kampuni za aina hiyo sokoni huuzwa mara kumi ya faida. Kabla hujatoa fedha, tazama yaliyotokea Kenya mwaka 2008.

Kampuni ya simu ya Safaricom ilikuwa haijaorodheshwa sokoni. Serikali ikauza robo yake, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Hisa zote zilikuwa bilioni 40, hivyo kampuni nzima ilithaminiwa bilioni 200. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2007 ilikuwa takriban bilioni 12, kwa hiyo mnunuzi alilipa karibu mara 17 ya faida. Bei hiyo ina maana pale tu faida inapoendelea kukua. Watu waliomba hisa nyingi kuliko zilizokuwepo, na wengine walikopa benki.

Dalili zilikuwa wazi. Faida ile ilipatikana wakati mshindani mkubwa alikuwa mmoja tu, ilhali France Telecom ilikwisha kununua asilimia 51 ya Telkom Kenya mwishoni mwa 2007, na Econet nayo ilikuwa njiani kuingia. Gharama za kupiga simu zikashuka kwa ushindani, faida ya mwaka ulioishia Machi 2009 ikawa karibu bilioni 10.5. Msukosuko wa fedha duniani ukaifanya hali kuwa mbaya zaidi, na hisa ikaanguka chini ya shilingi 3. Kampuni yenyewe ilibaki imara na baadaye bei ikapanda sana, lakini aliyekopa hakuweza kungoja.

Sisi tunaweza kujikwaa vivyo hivyo. Chukua mfano wa kiwanda kilichopata faida ya milioni 400 mwaka wa mavuno mengi, wakati wastani wa miaka mitano ni milioni 200. Kwa mara kumi, bei ni bilioni 4 au bilioni 2, kutegemea faida uliyochagua. Anza na wastani.

Kisha angalia madeni. Kampuni uliyolinganisha nayo huenda haidaiwi, lakini kiwanda cha pamba hukopa kila msimu kununua pamba kwa wakulima. Hapo tumia faida kabla ya riba, kodi na uchakavu wa mitambo. Ikiwa ni milioni 500 kwa wastani, na kampuni zinazofanana huthaminiwa mara tano, biashara nzima ni bilioni 2.5. Toa deni la bilioni 1.2, ongeza fedha taslimu milioni 100: wenye hisa wanabaki na bilioni 1.4. Deni hilo lisipimwe baada ya pamba kuuzwa na mkopo kulipwa. Uliza lilivyokuwa katikati ya msimu.

Mwisho, hisa za sokoni mara nyingi huuzika haraka. Za kiwanda binafsi zinaweza kukaa miaka bila mnunuzi. Punguza bei kwa sababu hiyo, na muuzaji akikataa kukuonyesha hesabu za miaka mitano, usinunue.