Nasaha kwa Anayeuliza Njia Kishapu

Wewe uliyepangiwa kazi Kishapu na hujui Kisukuma, jua kwanza kwamba mzee utakayemuuliza njia huenda naye Kiswahili amejifunzia ukubwani. Nyote wawili mtakuwa mnasema lugha iliyo ya pili kwa mmoja wenu, kwa hiyo usiwe na haraka, wala usipaze sauti kana kwamba yeye ni kiziwi.

Anza na salamu. Asubuhi ni "mwangaluka", mchana hadi jioni ni "mwadila", kisha umwite mama "mayu" na mwanamume mtu mzima "baba". Subiri akujibu na akuulize habari za utokako, ndipo uulize njia. Anayeuliza kwanza na kusalimu baadaye hupewa jibu fupi, na jibu fupi ndilo linalompoteza.

Swali lenyewe usiliulize kwa namna ya kujibiwa "ndiyo". Ukisema, "Hii ndiyo njia ya Mwadui?" utajibiwa ndiyo, kwa sababu ni vigumu kumkatalia mgeni usoni, au kwa sababu jina la kijiji ndilo neno pekee lililosikika vizuri. Uliza, "Njia ya Mwadui ni ipi?" Hapo hawezi kujibu bila kukuonyesha.

Majina nayo yanataka sikio. Mengi huku huanza na Mwa-: Mwadui, Mwamashele, Mwamalasa, Mwaweja, Mwakipoya, Mwasubi. Usiridhike na mwanzo wa jina; lisikilize mpaka mwisho. Mwamashele na Mwamalasa ni kata mbili tofauti za wilaya hii hii, na kwenye Hiace yenye muziki masikio hayazitofautishi. Tena wazee wengi hutamka r kama l, basi ukisikia "balabala" ni barabara unayoelekezwa.

Chukua mfano wa mtu aliye stendi ya Shinyanga anayetaka kwenda Mwadui, kwenye mgodi wa almasi. Ameambiwa Mwadui iko Kishapu, naye anauliza gari la Kishapu. Wanampandisha bila kumdanganya hata kidogo, na gari linaiacha barabara ya Mwanza pale Kolandoto, likielekea Mhunze, makao makuu ya wilaya. Mwadui yeye angeifikia kwa kuendelea na barabara ya Mwanza mpaka Maganzo. Aliuliza wilaya wakati alihitaji kituo. Kwa hiyo taja mahali utakaposhuka, na kama hupajui, eleza unachokwenda kufanya: "Naenda mgodini", "Naenda ofisi za halmashauri." Mwambie konda, kisha mwambie na abiria wa kando, maana konda anataka kujaza gari na ana vituo vingi kichwani, lakini mama aliyeketi karibu nawe atakumbuka kukuambia, "Shuka hapa." Muulize pia kama ukishuka utavuka barabara au utabaki upande huo huo.

Kwa miguu mambo yanabadilika. Mzee wa Kisukuma anaweza asitumie kabisa kulia wala kushoto. Atakuambia ukifika kwenye lambo ushike "dakama", yaani kusini. "Sukuma" ni kaskazini, "kiya" ni mashariki, "ng'weli" ni magharibi. Ni maelekezo bora kuliko kulia na kushoto, maana hayageuki mkitazamana. Asubuhi jua litakusaidia: lilipochomoza ndiko kiya. Saa sita mchana jua liko utosini na halikuonyeshi kitu. Mwombe anyooshe mkono, nawe usimame kando yake mtazame upande mmoja, usimkabili.

Sikiliza pia urefu wa sauti. "Kule" ni karibu. "Kuleee", mkono ukiwa umeinuliwa juu, ni mwendo mrefu. "Hapo tu" usiipime kwa miguu yako, kwani anayekuambia amezoea kutembea. Muulize, "Nikitoka sasa nitafika saa ngapi?" Na wakati wa mvua ongeza swali moja: "Njia hii inapitika leo?" Udongo mweusi wa mbugani ukilowa hunasa miguu na magurudumu, na njia ya mkato ya kiangazi huachwa kabisa. Anayekuelekeza anaweza kukupa njia fupi kwa sababu hukuuliza inayopitika.

Kabla hujaondoka, rudia ulichoambiwa: "Niende mpaka lamboni, kisha dakama, shule nitaiona?" Kama umekosea, atakurekebisha bila kuona umemdharau. Usiitikie "nimeelewa" ili kuficha haya. Afadhali uombe aseme tena, au amwite kijana anayesoma akufafanulie. Sema "wabeja", asante. Kisha usiende mbali sana bila kumuuliza mtu mwingine, tena swali lile lile, ukiwa bado uko karibu na njia panda ya mwisho.