Tumbo Linakua, Mwili Unakwisha

Ndugu zangu, mtazameni vizuri mtu ambaye tumbo linamkua huku mabega yanamkonda. Msimpongeze kwamba amenenepa! Tuseme ni baba wa miaka 50. Suruali haifungi tena kiunoni, lakini akila matonge manne ya ugali anasukuma sahani. Mizani inasoma kilo 70, vilevile kama mwaka jana. Mkewe anadhani amechoshwa na mapishi yake. Majirani wananong'ona kwamba katupiwa kitu. Nami nasema: mpelekeni akapimwe ini!

Damu inayotoka kwenye utumbo na wengu hupita kwenye ini kabla ya kurudi moyoni. Homa ya ini aina ya B iliyokaa miaka mingi, au pombe ya kila siku, hulijaza ini makovu mpaka likawa gumu. Damu inakosa njia, shinikizo linapanda katika mishipa ya tumbo, na mishipa hiyo inatanuka. Figo nazo hujiona zimepungukiwa damu, zikang'ang'ania chumvi na maji. Ini lililochoka halitengenezi albumini ya kutosha, protini inayozuia maji yasitoke mishipani. Basi maji yanavuja na kujaa katika uwazi unaozunguka utumbo.

Mfuko wa chakula umebanwa na maji hayo, hauwezi kutanuka. Ndiyo maana anashiba haraka, na shibe hiyo ni ya uongo! Mwili wake una njaa, unakula misuli yake wenyewe. Lita moja ya maji ina uzito wa karibu kilo moja. Kama amebeba lita 8, mwili wake halisi ni kilo 62. Mizani imewaficha kilo nane zilizopotea.

Msirudi nyumbani na picha ya ultrasaundi peke yake. Ombeni maji yatolewe kidogo kwa sindano yakapimwe, kwa maana kifua kikuu cha tumbo, saratani na moyo dhaifu navyo hujaza maji, na tiba zake ni nyingine kabisa. Tena maji ya ini huingiwa na vijidudu, wakati mwingine bila homa wala maumivu. Seli za neutrofili zikifika 250 kwa kila mikrolita, dawa ya kuua bakteria ianze siku hiyohiyo.

Nyumbani, chumvi yake ya siku nzima isizidi kijiko cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mchuzi na mkate. Mpeni kidogo kidogo mara tano au sita: mayai, maharage, samaki wasiotiwa chumvi, na uji kabla ya kulala. Msimnyime protini! Diklofenaki na ibuprofeni msimpe, zinaumiza figo zake. Na akianza kuchanganyikiwa, kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami, mkimbizeni hospitali usiku uleule.