Na Nikikataa?

Barua pepe niliyomwandikia yule msanii ilikuwa na mistari sita, na niliiona iko poa kabisa. Nilimsalimu, nikamsifia wimbo wake, nikamweleza kwamba sisi ni kikundi cha vijana wa Dandora tunaosafisha kingo za Mto Nairobi kila Jumamosi, na tumetengeneza video ya dakika tatu kuhusu kazi hiyo. Nikaomba ruhusa ya kutumia wimbo wake. Nikamalizia na mstari nilioudhani ndio mtamu kuliko yote: "Hatuna bajeti, lakini tutakutaja jina mwishoni."

Alijibu usiku huohuo. Maneno mawili tu: "Na nikikataa?"

Nilikosa la kusema, kwa sababu video ilikuwa tayari. Mhariri wetu alikuwa ameshakata picha zifuate mdundo. Reki inagonga chini pale ngoma inapoingia, gunia la plastiki linafungwa pale kiitikio kinapoisha. Tulikuwa tumepanga kuionyesha Jumapili, na bango limeshazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Kwa hivyo sikuwa naomba chochote. Nilikuwa namwarifu, kwa lugha ya kuomba.

Swali lake limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Tukifundishwa adabu tunaambiwa omba kabla ya kuchukua, lakini hakuna anayetuambia kwamba kuomba kunamaanisha uko tayari kukosa. Kama jibu la "hapana" litaniharibia Jumapili yangu, basi nimeshamwekea mwenzangu mzigo hata kabla hajafungua barua. Na nilikuwa nimemwongezea mwingine: kazi ya jamii. Nani anataka kuwa yule msanii wa mtaa aliyewanyima vijana wanaozoa taka? Nilijua hilo nilipokuwa naandika. Ndiyo maana neno "jamii" lilikuwa limetokea mara tatu katika mistari sita.

Halafu kuna hiyo ahadi ya jina. Hapa nilipaswa kujua vizuri zaidi, maana mimi mwenyewe naishi kwa kuandika. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma, na tangu hapo nimeambiwa mara nyingi kwamba makala yangu hayatalipwa ila "utajulikana". Keretaka wa ploti yetu bado hajawahi kukubali nimlipe kwa kujulikana.

Kibaya zaidi, si kweli kwamba hatukuwa na bajeti. Tulichanga shilingi 15,000. Mwenye kamera alipata 6,000, mhariri 4,000, chakula 3,000, na mimi nikapewa 2,000 kwa kuandika maneno ya msimulizi. Aliyekosa ni yule mmoja ambaye kazi yake ilikuwa imeshakamilika. Nadhani ndivyo tunavyofikiri: kwa sababu wimbo tayari upo kwenye simu yangu, haumgharimu mwenyewe kitu nikiuchukua. Miezi aliyokaa akiutengeneza haionekani, lakini jasho la mwenye kamera niliona likimtiririka.

Nilipoisoma Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, aibu iliongezeka. Kifungu cha 32 kinampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake, na haki ya kupinga ikipotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima. Kutajwa jina ni haki yake tayari, nikimlipa au nisimlipe. Nilikuwa nimempa mtu mali yake mwenyewe, nikangoja shukrani.

Nikaandika upya. Nilianza na ungamo, kisha nikaeleza kila kitu ambacho angehitaji ili akatae au akubali akiwa anajua:

"Kaka, nilikosea. Video ilikuwa imeshakatwa kwa wimbo wako kabla sijakuuliza. Tumesimamisha maonyesho. Tungependa kutumia sekunde 50, kuanzia kiitikio cha kwanza. Video itaonyeshwa mtaani na kuwekwa YouTube, bila matangazo ya biashara na bila mwanasiasa yeyote. Tunaweza kulipa 2,000. Jina lako litaandikwa unavyotaka wewe, ukikubali malipo au usikubali. Ukikataa, tutatumia sauti ya mto na reki, na hatutamwambia mtu kwamba ulikataa. Tafadhali niambie pia nani mwingine ana haki katika wimbo huu."

Hizo 2,000 zilikuwa zangu. Sijisifu. Ndizo pesa pekee zilizokuwa hazijaliwa.

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyofungua mambo. Msanii alijibu kwamba maneno na melodia ni vyake, lakini biti ilitengenezwa na prodyuza wake, na rekodi yenyewe ni ya prodyuza. Wengi wetu hatujui kwamba wimbo mmoja ni vitu viwili mbele ya sheria: kuna utunzi, na kuna rekodi ya sauti. Kila kimoja kinaweza kuwa na mwenyewe. Kumwomba mwimbaji peke yake ni kama kukodisha nyumba kwa mpangaji mwenzako. Hata ile ada ambayo baa au matatu hulipa ni ya kupiga muziki hadharani tu, haikuruhusu kuubandika wimbo juu ya picha zako. Na kama aliyesambaza rekodi ameisajili kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo, video yako inaweza kuzuiwa au kuwekewa matangazo ambayo pesa zake zinamwendea yeye, hata kama mwimbaji amekubali kwa moyo mweupe.

Prodyuza akasema hapana. Hakutoa sababu, na nilikuwa nimeahidi kutouliza. Nakiri nilikasirika kidogo. Nilimwona mchoyo kwa kama saa moja hivi, mpaka nikakumbuka kwamba mwezi uliopita nilimnyima mtu shairi langu kwa sababu tu sikujisikia kutoa. Kitu kinakuwa chako pale unapoweza kukikatalia bila kujieleza.

Msanii ndiye aliyepata njia. "Rekodi ni yake, sauti ni yangu," aliniambia kwa simu. Alhamisi akashuka mtoni, tukamrekodi kwa simu ya mhariri akiimba kiitikio bila biti, watoto wawili wakimpigia makofi. Utunzi wake, rekodi mpya, biti ya prodyuza haikuguswa. Alipokea zile 2,000, akanitumia barua pepe fupi yenye jina la wimbo, sekunde 50, mahali pa kutumika, na kwamba mtu akitaka kuitumia video kwenye kampeni au tangazo lazima arudi kwake. Nimeihifadhi. Ahadi za mdomo huwa tamu hadi siku video ipate watazamaji.

Tulichelewa wiki moja. Watu wachache walikuja kuliko tulivyotarajia, maana bango la kwanza lilikuwa limeshawachosha. Mhariri hakufurahi, alilazimika kukata picha zote upya bila kuongezwa hata bob. Hilo nalo ni deni, na bado sijalilipa.

Ukiitazama leo utaona reki inagonga chini nusu sekunde baada ya makofi. Mhariri kila akiiona anasonya. Msanii alipoiona aliniuliza, "Kwani hamngeweza kunirekodi upya nifuate reki?"

Nikamwambia tungeweza, lakini ingebidi tumwombe tena.