Kibaba Hakijai Mkono Ukichota

Mgeni aliyenitangulia kuzungumza katika kikao hiki cha kikundi chetu cha hisa ametukumbusha kuwa haba na haba hujaza kibaba, akatuhimiza tununue hisa kwa wingi. Namheshimu, lakini methali ameikatiza nusu. Siku hizi ndivyo inavyoandikwa kwenye fulana: weka, weka, weka. Kuweka ni jambo la siku moja tu. Kazi ni kuacha, haba ya leo iikute ya jana ingalipo.

Tuchukue shilingi 100,000 za sanduku letu, tuzikopeshe kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza zinazaa 5,000. Tukigawana hizo kila mwezi, zikaishia kwenye soda na vocha, mwaka mzima tutakuwa tumepata 60,000 na mtaji uko palepale.

Sasa tuiache ile 5,000 sandukuni. Mwezi wa pili tunakopesha 105,000, nazo zinazaa 5,250. Hizo 250 za ziada hazikutoka kwenye hisa ya mtu. Zimezaliwa na riba ambayo hatukuila. Ni ndogo, na ndiyo maana tunazidharau. Lakini mwezi wa kumi na mbili riba peke yake inafika 8,552, na sanduku lina 179,586. Tumewapita wale waliochota kwa 19,586, na hakuna aliyeongeza hisa hata moja.

Hapo ndipo wengine hukosea upande wa pili, wakadhani kuacha ni kufungia. Sanduku lina kufuli tatu, lakini kufuli hazizai. Kinachozaa ni mkopo. Nusu ya fedha ikilala humo kila mwezi, ile 100,000 itafika 134,489 tu. Na riba yote hutoka mfukoni mwa mmoja wetu. Mama anayekopa akanunue dagaa, akauze, arudishe kwa wakati, ndiye anayetukuza sote. Anayekopa kushona sare za harusi hana biashara ya kumlipia asilimia 5 kila mwezi. Atauza kuku, kisha mbuzi, kisha ataacha kuja kikaoni. Riba iliyoandikwa daftarini bila kulipwa haijazi kitu, na kumkamua jirani ili hesabu yetu inone ni dhambi, nasema waziwazi.

Kwa hiyo naleta mambo mawili. Tutakapovunja sanduku mwisho wa mzunguko, kila mmoja aache sehemu ya gawio lake iwe hisa za kuanzia mzunguko mpya, badala ya sote kuanza tena na sanduku tupu. Na leo, kabla ya mikopo kutolewa, katibu atusomee daftari: kikao kilichopita, ni kiasi gani kilibaki sandukuni bila mkopaji?