Karatasi Isiyo na Jina

Wazazi wengine wa Lubumbashi hutuuliza hivi: Je, ni haki kuwauliza vijana wa humanite juu ya maonevu ya shuleni, kila mmoja akijibu kwa karatasi isiyo na jina? Husema ya kuwa mtu mwema hasemi mafichoni, na ya kuwa asiyejulikana aweza kumsingizia mwenziwe. Neno hilo lina uzito, basi tulipime.

Kwanza tutazame karatasi yaulizwa nini. Haiulizi, "Nani amekupiga?" Kama ingeuliza hivyo, wazazi wangekuwa na haki kuikataa, kwa maana mashtaka yataka mshitaki anayejulikana. Karatasi njema yauliza tu ni jambo gani limempata kijana, mara ngapi, na mahali gani. Hakuna jina la mwonevu, basi hakuna wa kusingiziwa.

Tena isiulize, "Je, umeonewa?" Kijana mmoja ataita uonevu kile ambacho mwingine hukiita mchezo, na yule anayeona aibu atajibu "Hapana". Afadhali kutaja matendo yenyewe: kupigwa, kunyang'anywa pesa, kutengwa na wenzake, kutukanwa kwa simu. Uwekwe na muda, kama siku 30 zilizopita, ili kila mtu akumbuke muda ule ule. Ndivyo ulivyouliza uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani shuleni Kenya na Uganda mwaka 2003, na Tanzania mwaka 2006: siku 30, na karatasi bila jina.

Lakini kuacha jina hakutoshi, na hapa wengi hukosea. Tuseme darasa la umekanika lina vijana 36, na wasichana ni 3 tu. Karatasi yauliza darasa, umri, na kama ni mvulana au msichana. Msichana wa miaka 19 ni mmoja. Basi ameandika jina lake bila kujua. Kwa hiyo tuulize machache. Mwandiko nao hujulikana, basi majibu yawe alama ya msalaba katika kisanduku. Mwalimu wa darasa asizunguke kati ya madawati wala asikusanye karatasi. Kila mmoja aikunje yake na kuitia sandukuni, hata yule aliyeiacha tupu, kwa sababu hakuna anayelazimishwa kujibu. Na majibu ya kikundi kisichofika watu 10 yasitangazwe peke yake, bali yachanganywe na ya wengine.

Hapa kwetu kuna swali moja la kuogopwa zaidi, nalo ni la kabila. Miaka ya 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu, na kidonda hicho hakijasahauliwa nyumbani. Kijana akiulizwa kabila lake karatasini, ataogopa, naye ana sababu. Basi tusimwulize yeye ni nani. Tumwulize kama ametukanwa kwa ajili ya asili yake. Jibu tunalolitaka tutalipata, naye hatajulikana.

Liko tatizo gumu kuliko hayo yote. Itakuwaje karatasi moja ikisema, "Nimetaka kufa"? Mwenye kuisoma hawezi kumwendea mtoto yule, kwani hamjui. Na akianza kumtafuta kwa mwandiko, amevunja ahadi, na mwaka ujao hakuna atakayesema kweli. Dawa ni kufikiri kabla. Vijana waambiwe wazi tangu mwanzo: "Karatasi hii haitatuwezesha kukusaidia wewe peke yako." Kisha kila mmoja apewe karatasi ndogo ya pili, ya kuandika jina akitaka kuonana na mtu mzima anayetajwa pale. Wote waikunje na kuitia katika sanduku lingine, ili asionekane aliyeandika na asiyeandika.

Na majibu yana kazi gani? Tuseme katika vijana 240, 60 wamesema wamenyang'anywa pesa, na 45 kati yao wametaja njia ya vyooni. Mkuu wa shule hajapata jina hata moja, lakini amejua pa kumweka mlinzi wakati wa mapumziko. Baada ya miezi mitatu aulize tena kwa maneno yale yale. Hesabu ikipungua, huenda mlinzi amefaa. Lakini atazame pia kama mahali pengine pameongezeka, maana mwonevu aweza kuhama tu.

Basi jibu letu ni hili. Kuficha jina la mwenye kuumizwa si uongo, maana hakuna anayedanganywa. Ni kumpa nafasi ya kusema kweli mbele ya wenye nguvu kuliko yeye. Uongo ni kumwambia, "Hutajulikana," kisha kumwuliza maswali yanayomtaja. Mkuu wa shule asiyeweza kuitimiza ahadi hiyo, heri asiulize kitu.