Ukimtaja Fundi, Umeshuhudia Nini?

Hapa chuoni Bujumbura ni nadra mtu kumpata fundi wa nguo kwa tangazo. Unamuuliza mwenzako, "Nani alikushonea?", anakutumia namba, na kesho yake upo Buyenzi na kitambaa mkononi. Swali langu ni dogo lakini linanisumbua: yule aliyekutumia namba ameshuhudia nini hasa?

Fundi mmoja wa Buyenzi alinifungulia biashara yake bila kuficha. Ana daftari la vipimo. Kila mteja ana ukurasa wake, na mgeni huandikwa kwa jina lake pamoja na jina la aliyemleta. Katika simu yake ni vivyo hivyo. Alinionyesha kijana mmoja aliyewaleta wenzake, nao wakawaleta wao, hata ukoo mzima wa wateja ukatokana na kanzu moja iliyovaliwa swala ya Idd. "Kola na kifua ndivyo vinavyonitafutia kazi," akasema. "Watu hawaangalii kwapani."

Kisha akageuza nje ndani kanzu mbili. Ya kwanza aliishona yeye. Ubavuni ameacha karibu sentimita mbili za akiba, ili mwenyewe akinenepa ipanuliwe, na kingo zimefungwa zisichambuke. Sindano imeshuka mara nne katika kila sentimita. Ya pili ililetwa kurekebishwa, imetoka kwa mwingine. Tarizi ya kifuani inapendeza kuliko yake, ila ndani akiba ni nusu sentimita, na sindano imerushwa mbali mbali, mara mbili au tatu tu kwa sentimita, ili cherehani imalize upesi. Mshono wa kwapani umeachia, na hapakuwa na nguo ya kuushikilia tena.

Kuna na kosa jingine lisiloonekana kabisa siku ya kuvaa. Pamba ambayo haikuloweshwa na kukaushwa kabla ya kukatwa hujikunja inapofuliwa mara ya kwanza. Ikipungua asilimia tatu tu, kanzu ya sentimita 140 imepoteza zaidi ya nne, na vifundo vya miguu viko nje.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Sifa ya fundi husafiri siku ya Idd, nguo ikiwa mpya na watu wamejaa. Aibu yake hutokea miezi miwili baadaye, kwenye kamba ya kuanikia, ambako hakuna wa kuiona. Kwa hiyo fundi anayeishi kwa sifa za mdomo anavutwa kila siku kuweka juhudi mahali panapoonekana na kubana mahali pasipoonekana. Sisi wateja ndio tunaomvuta hivyo, kwa sababu tunamsifu mapema. Suratul Israi, aya ya 36, inatukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, na sioni kwa nini namba ya simu iwe nje ya katazo hilo.

Mpishi wa shughuli yuko afadhali kidogo. Pilau yake inahukumiwa siku ile ile, mradi uwaulize waliokula mwisho, si meza ya mbele. Makanika ana hali ngumu zaidi, kwani breki alizozitengeneza hazionekani hata na mwenye gari. Ndiyo maana baadhi yao humrudishia mteja pedi za zamani mkononi, aone zilivyokwisha, apate cha kueleza kwa wengine.

Rafiki yangu mmoja ananipinga. Anasema tukingoja nguo ifuliwe mara tatu ndipo tumtaje fundi, fundi mpya mwaminifu atakufa njaa. Ana haki kwa sehemu. Lakini shahidi halazimiki kunyamaza. Analazimika kusema alichokiona. "Nimeivaa mara moja, shingo imekaa vizuri, alinipa siku aliyoahidi, bado sijaifua." Maneno hayo yanampatia fundi mteja, na anayetumwa anajua la kwenda kuangalia.

Liko na la punguzo. Wapo mafundi wanaompunguzia bei kila anayeleta mtu. Ujira wa udalali si kosa, naona, ila yule unayempeleka akiudhani ushauri wa ndugu, kumbe wewe umelipwa, umemuuzia kitu asichojua ananunua. Mwambie tu. Nilipomuuliza fundi wangu kama wateja wa namna hiyo, wanaokuja wameambiwa kila kitu, hawamchoshi, alicheka. Alisema wakifika tu huomba kanzu ya mtu mwingine iliyo tayari, wakaigeuza nje ndani kabla hata ya kuuliza bei, na kwao hahitaji kupunguza hata faranga moja.