Aliyehama na Daftari Lake

Barua ile niliisoma mimi kabla haijapelekwa. Naanza na hilo ili msomaji asidhani nasimulia kosa la mwenzangu huku mimi nimekaa kivulini.

Tulikuwa kwenye kampuni ya kununua viungo hapa Morogoro. Jina lake naliacha. Mwenzangu huyo, kijana, alikuwa afisa wa mashambani kwa miaka 4. Njia yake ilikuwa mashariki ya milima ya Uluguru: Kinole, Mkuyuni, Matombo mpaka Tawa, akifuata mdalasini, karafuu na pilipili manga. Sasa aliomba kuhamia idara ya ubora, ghalani. Mwishoni mwa Machi aliniletea barua ya nusu ukurasa. Ilisema ana uzoefu wa kutosha, ni mchapakazi, na kwamba wenzake wataendelea na kazi bila shida. Nikamsahihishia herufi mbili tatu, nikamwambia iko sawa.

Haikuwa sawa. Ustadi wake halisi haukuonekana hata kwa mstari mmoja. Mdalasini humenywa wakati wa mvua, kwa sababu ndipo ganda hubanduka kwa urahisi, lakini ndipo pia jua la kuanika linapokosekana. Watu wa ghalani waliona ukungu kwenye magunia bila kujua umeanzia wapi. Yeye alijua ni wakulima gani wana vichanja na nani anaanika chini, na alikuwa akirudisha karafuu iliyozidi unyevu wa asilimia 12 hukohuko kijijini, kabla haijapanda gari. Hiyo ndiyo sababu ya kumpeleka idara ya ubora. "Mchapakazi" hata mlinzi wa getini anaweza kuandika.

Lakini kilichomwangusha ni upande wa pili wa barua, ule wa pengo analoliacha. Dalili zilikuwepo, nasi tulizipita. Mkuu wake aliposikia fununu alimuuliza, "Tawa ataenda nani?" Akajibu, "Watu wapo, bosi." Watu hao walikuwa wawili, na mmoja alikuwa na ujauzito wa miezi 7. Likizo ya uzazi kwa sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 ni siku 84. Sote tulimwona dada yule kila siku. Hakuna aliyefungua kalenda akahesabu.

Dalili nyingine ilikuwa daftari lake. Wakulima wetu walikuwa kwenye kikundi cha kilimo hai, na kila shamba lazima likaguliwe kila mwaka na kumbukumbu zake ziwepo. Ramani za mashamba na makadirio ya mavuno aliyaandika kwa mkono wake, kwa vifupisho vyake, na daftari lililala nyumbani kwake. Wakulima nao walipiga simu yake binafsi, si ya ofisi. Tulimsifu kwa hilo! Tulisema anapendwa.

Na barua aliipeleka moja kwa moja kwa watu wa utumishi, bila kupitia kwa mkuu wake, akiogopa kuzuiwa.

Aliruhusiwa, akahama Aprili, masika yakiwa yamepamba moto. Mwezi wa tano dada yule alikwenda likizo. Aliyebaki alikuwa mmoja, pikipiki moja, na barabara ya utelezi. Wakulima wa Tawa walipiga simu. Kijana yuko ghalani, hawezi kupanda mlimani. Walanguzi wakafika na fedha mkononi. Ukaguzi ulipokaribia, daftari lilisomeka kwa mwenyewe tu. Wiki ya 6 akarudishwa mashambani "kwa muda", na muda huo ukawa mwaka mzima. Kwa kuwa uhamisho wake haukuwahi kuandikwa kwenye maelezo ya kazi yake, ingawa sheria inataka mabadiliko ya namna hiyo yaandikwe na mfanyakazi ajulishwe kwa maandishi, hakuwa na karatasi ya kushikilia.

Mwaka uliofuata tuliandika upya, safari hii tukikaa na mkuu wake kwanza. Ukurasa wa kwanza ulieleza magunia yenye ukungu na vichanja. Wa pili ulisema hivi: nitahama baada ya masika, ukaguzi ukiisha. Kinole na Mkuyuni atachukua fulani, Matombo na Tawa fulani. Wote wapo kazini miezi hiyo. Kila mmoja nitazunguka naye mara 2, ya kwanza nikiongoza mimi, ya pili akiongoza yeye. Daftari limenakiliwa kwenye fomu za ofisi, na wakulima wamepewa namba ya ofisi. Kwa miezi 2 nitapatikana Ijumaa asubuhi kwa maswali, baada ya hapo basi.

Mstari wa mwisho mkuu ndiye aliyeudai. Alisema bila kikomo hicho, kijana atafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja, na zote zitamshinda.

Siku hizi mtu akiniletea barua ya kuhama niisome, kabla sijaifungua humuuliza nani yuko likizo mwezi ule. Wengi hunitazama kwa mshangao, kisha huomba barua yao.